Ripoti ya kila wiki kwa mwenye biashara ndogo: namba tano zinatosha

Swali ni lilelile kila mara kutoka kwa vijana wanaoanza kusimamia kurasa na matangazo ya wafanyabiashara: "Mteja anataka ripoti kila Jumatatu, niweke nini?" Wengi wanapiga skrinishoti ya Ads Manager, wanaituma WhatsApp, na mwenye biashara anajibu "sawa, asante" bila kuelewa hata mstari mmoja. Baada ya mwezi anasitisha mkataba kwa sababu haoni pesa yake inakwenda wapi.

Mwongozo huu unachukua mfano mmoja: mwoka keki wa Dar es Salaam anayepokea oda kwa WhatsApp, na wewe unamwendeshea tangazo la Facebook na Instagram linalomleta mtu moja kwa moja kwenye WhatsApp yake. Kipimo cha kuchagua namba ni kimoja. Namba inaingia kwenye ripoti ikiwa tu mwenye biashara anaweza kufanya jambo tofauti wiki inayofuata kwa sababu ameiona. Isipofikia hapo, ibaki kwenye daftari lako.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ruhusa ya kuona akaunti ya matangazo ndani ya Ads Manager. Usitegemee skrinishoti anazokutumia yeye.
- WhatsApp Business kwenye simu ya biashara, siyo WhatsApp ya kawaida. Utahitaji lebo.
- Faili moja la Google Sheets ambalo wewe na yeye, au msaidizi wake, mnaweza kuandika.
- Risiti ya karibuni ya malipo ya tangazo, pamoja na meseji ya benki au ya kadi inayoonyesha shilingi zilizokatwa.
- Dakika kumi za mwenye biashara kila Jumapili jioni. Hili ndilo gumu kuliko yote, na bila hilo utaripoti nusu ya mambo. Wewe unaona pesa iliyotoka na watu walioandika. Nani amelipa anajua yeye.

Hatua ya 1: Kubalianeni maana ya "oda"

Fanyeni hivi kabla ya ripoti ya kwanza. Mtu aliyeuliza bei si oda. Aliyesema "nitakucheki Ijumaa" si oda. Kwa keki, hesabu oda siku advansi inapoingia, na iandike kwenye tarehe hiyo, siyo tarehe ya kupeleka keki. Mtu anaweza kulipa advansi Jumanne kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi ya wiki ya pili yake. Ukihesabu siku ya kupeleka, mauzo yatatokea kwenye wiki isiyo na uhusiano na tangazo lililomleta.

Hapohapo muulize swali la pesa: keki ya bei ya kawaida ikiuzwa, baada ya kutoa unga, mayai, siagi, boksi, gesi na bodaboda wa kupeleka, anabaki na shilingi ngapi? Tuseme keki ya 65,000 inamgharimu 38,000. Anabaki na 27,000. Sasa muulize: katika hiyo 27,000, yuko tayari kulipa kiasi gani kumpata mnunuzi mmoja? Akisema 12,000, andika. Hicho ndicho kikomo chenu, na kila ripoti itapimwa nacho. Bila kikomo, ukimwambia kwamba kila oda imegharimu 9,000 hatajua kama afurahi au alie.

Hatua ya 2: Tenga waliotoka kwenye tangazo

Kwenye WhatsApp Business tengeneza lebo mpya, iite "tangazo". Chati iliyoanzia kwenye tangazo kwa kawaida huonyesha kipande cha tangazo lenyewe juu ya meseji ya kwanza. Msaidizi anapoiona, anaweka lebo palepale. Kwenye kutengeneza tangazo, weka pia meseji iliyoandikwa tayari ambayo mtu akibonyeza inajaa yenyewe, kwa mfano "Habari, nimeona tangazo la keki ya send-off". Chagua maneno ambayo mtu hawezi kuyaandika kwa bahati. "Habari, naomba bei" kila mtu anaandika.

Wapo watakaopiga simu au kuja kupitia rafiki. Hao waulizwe swali moja fupi: "Umetuonea wapi?" Jibu liandikwe kama lilivyo, na asiyekumbuka aandikwe "hajui". Usimhesabie tangazo lako mtu wa "hajui".

Hatua ya 3: Faili la oda

Safu sita tu: A tarehe ya advansi, B tarakimu nne za mwisho za simu, C ametoka wapi, D ameagiza nini, E advansi, F bei yote ya keki. Tarakimu nne zinatosha kumtambua mtu mkitaka kurudi kwenye chati. Majina kamili na namba za simu za wanunuzi hazina sababu ya kukaa kwenye faili linalosambazwa, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwenye H1 weka tarehe ya Jumatatu, H2 tarehe ya Jumapili. Kisha:

```
=COUNTIFS(A:A,">="&H1,A:A,"<="&H2,C:C,"tangazo")
=SUMIFS(F:F,A:A,">="&H1,A:A,"<="&H2,C:C,"tangazo")
```

Ya kwanza inahesabu oda zilizotoka kwenye tangazo wiki hiyo, ya pili inajumlisha thamani yake.

Angalizo: kwenye safu ya E na F andikeni tarakimu tupu, 65000. Ukiandika "65,000/=" kama tunavyozoea kwenye risiti, Sheets inaiona kama maneno na haiijumlishi. Haitakuonya. Jumla itatoka ndogo na utaiamini.

Hatua ya 4: Toa namba mbili Ads Manager

Fungua Ads Manager Jumatatu asubuhi, chagua tarehe kuanzia Jumatatu iliyopita hadi Jumapili jana. Usitumie "Last 7 days", kwa sababu siku utakayochelewa kutoa ripoti, wiki yako nayo itasogea. Unahitaji safu mbili tu: Amount spent na Messaging conversations started. Kama ya pili haionekani, iongeze kupitia Columns, kisha Customize columns.

Sasa geuza dola kuwa shilingi. Mwenye biashara hatumii dola, na bei ya dola unayoiona mtandaoni siyo aliyokatwa. Chukua risiti ya mwisho. Tuseme ilitoza matumizi ya dola 25, na kadi ikakatwa 66,250 pamoja na kodi na makato yote. Gawanya 66,250 kwa 25, unapata 2,650 kwa dola moja. Wiki hii tangazo limetumia dola 28, kwa hiyo ni 74,200. Usijaribu kulinganisha na meseji za kadi za wiki hiyohiyo. Facebook hukata deni likifika kiwango fulani, siyo kila Jumapili, kwa hiyo wiki moja inaweza kuwa na makato mawili na nyingine isiwe na hata moja.

Hatua ya 5: Panga namba tano, kisha tafuta sababu moja

Namba zenyewe ni hizi, kwa mpangilio huu: pesa iliyotumika kwenye tangazo, watu walioandika, oda zilizolipiwa advansi, thamani ya oda hizo, na gharama ya kupata oda moja, yaani namba ya kwanza ukiigawa kwa ya tatu. Zinafuata safari ya shilingi yenyewe, inatoka mfukoni na kurudi, ndiyo maana mtu asiyejua lolote kuhusu matangazo anaweza kuzifuata.

Tuchukue wiki mbili za mwoka keki wetu.

Wiki iliyopita: 74,200 zimetumika, watu 37 wameandika, oda 10, thamani 640,000, oda moja imegharimu 7,420.

Wiki hii: 74,200 zimetumika, watu 41 wameandika, oda 8, thamani 520,000, oda moja imegharimu 9,275.

Anayeanza ataishia hapo na kuandika "mauzo yameshuka". Lakini angalia: watu wameongezeka na oda zimepungua. Tangazo limefanya kazi yake ya kuleta watu, tatizo lipo baada ya mtu kuandika. Fungua chati zenye lebo ya tangazo, pitia moja moja, andika mtu ameandika saa ngapi na amejibiwa saa ngapi. Chati 41 hazizidi nusu saa ya kazi, na hakuna ripoti ya Facebook itakayokuonyesha kitakachotokea hapa.

Katika mfano wetu, watu 14 waliandika kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi mchana, wakati jikoni kumejaa oda za wikiendi, na wote walijibiwa baada ya zaidi ya saa tatu. Kati ya hao aliyelipa ni mmoja. Waliobaki ni 27, na saba kati yao wamelipa, yaani karibu mmoja kwa kila wanne, sawa na wiki iliyopita. Sasa unacho cha kumwambia, na ni kitu anachoweza kukifanyia kazi Ijumaa ijayo.

Tahadhari hapa: kutoka oda 10 hadi 8 peke yake si habari. Watu wawili wanaweza kuahirisha kwa sababu ya msiba au mvua. Ukiandika "oda zimeshuka kwa 20%" umemtisha mtu bila sababu. Oda zikiwa chini ya 20 kwa wiki, acha asilimia kabisa, sema "oda 2 pungufu", na linganisha na wastani wa wiki nne zilizopita. Kilichofanya wiki hii istahili maelezo si zile oda mbili, ni zile chati 14 zilizochelewa kujibiwa ambazo umezisoma kwa macho yako.

Linganisha pia vitu vinavyolingana. Wiki ya mishahara haifanani na tarehe 15, na biashara ya keki ndani ya Ramadhani siyo ya wiki ya Idi. Kama unaona mruko mkubwa, weka karibu wiki ya aina ileile ya mwezi uliopita kabla hujasifu au kulaumu tangazo.

Hatua ya 6: Andika meseji yenyewe

Itume kama maandishi ya kawaida WhatsApp, isizidi anachoweza kukisoma bila kusogeza sana skrini. PDF yenye kurasa sita haifunguliwi na mtu mwenye unga mikononi. Anza na jibu la swali alilonalo moyoni, kama pesa imerudi, kisha namba, kisha sababu, kisha ombi moja. Hivi:

> Habari za asubuhi dada. Hii ni ripoti ya tangazo, Jumatatu hadi Jumapili.
>
> Wiki hii tangazo limerudisha pesa yake, ila kuna oda tumezipoteza Ijumaa na Jumamosi.
>
> Pesa ya tangazo: 74,200
> Watu walioandika: 41 (wiki iliyopita 37)
> Oda zilizolipiwa advansi: 8 (wiki iliyopita 10)
> Thamani ya oda hizo: 520,000
> Kila oda imegharimu: 9,275 (kikomo chetu ni 12,000)
>
> Kilichotokea: watu 14 waliandika Ijumaa jioni na Jumamosi wakajibiwa baada ya zaidi ya saa tatu. Amelipa mmoja tu. Waliojibiwa mapema, karibu mmoja kwa kila wanne amelipa.
>
> Naomba uamuzi wako: Ijumaa hii kuanzia saa 10 jioni hadi saa 3 usiku, kuna mtu anaweza kushika simu? Kama hayupo, nitasimamisha tangazo saa hizo na kuirudisha pesa hiyo siku za katikati ya wiki. Nijulishe kabla ya Jumatano.

Kama mwenye biashara ni mtu mzima anza na "Shikamoo mama", na kama mmezoeana andika mnavyoandikiana siku zote. Ripoti isigeuke barua ya serikali.

Chunguza maneno kabla ya kutuma. "Waliofikiwa", "uhusishwaji", "ubadilishaji" ni Kiswahili kwa sura, lakini yanamwacha mtu gizani sawasawa na Kiingereza chake. Sema mtu amefanya nini: ameona, ameandika, ameuliza bei, amelipa, amerudi. Namba yoyote ambayo huwezi kuieleza kwa kitendo cha mtu huenda haikustahili kuwemo. Reach, Frequency na CTR ziangalie wewe kila wiki, ndizo zitakazokuambia tangazo limechakaa au picha haivutii, ila kwake lete hitimisho: "Picha hii watu wa eneo letu wameshaizoea, nahitaji picha mpya mbili kufikia Alhamisi."

Na ombi liwe moja. Ukiomba picha mpya, mtu wa kushika simu na nyongeza ya bajeti kwa mpigo, hatajibu hata moja.

Kukiwa na tatizo

*Ads Manager inasema 41, mimi nahesabu chati 46, au 35.* Mara nyingi zote mbili ni sahihi. Messaging conversations started huhesabu mazungumzo yaliyoanza, au kuanza upya baada ya kimya cha siku 7 au zaidi, na ambayo Facebook inayahusisha na tangazo. Aliyeandika jana na kubonyeza tangazo tena leo haongezeki. Mnunuzi wa zamani aliyekaa mwezi bila kuandika anahesabiwa, ingawa kwenu si mgeni. Chagua chanzo kimoja cha "watu walioandika" na usikibadilishe katikati ya mwezi. Tofauti ikizidi theluthi, kagua lebo kwanza, maana kwa kawaida msaidizi amesahau kuziweka siku zenye kazi nyingi.

*Nimefungua tena wiki iliyopita, namba imebadilika.* Kwa mpangilio wa kawaida, Facebook huendelea kulihesabia tangazo tukio hadi siku 7 baada ya mtu kulibonyeza, hivyo siku za mwisho za wiki zinaweza kuongezeka kidogo. Nakili namba kwenye faili siku unayotuma ripoti na ulinganishe kwa hizo ulizonakili. Usirudi kurekebisha ripoti iliyokwisha kutumwa kwa tofauti ya mtu mmoja au wawili.

*Matumizi ya siku hayaendani na siku zetu.* Angalia majira ya akaunti ya matangazo. Akaunti iliyofunguliwa kwa majira ya Los Angeles inaanza siku yake saa 4 au saa 5 asubuhi ya huku kwetu, kutegemea msimu. Kuibadili kunamaanisha akaunti mpya. Kama hamko tayari, iacheni hivyo, kwa sababu kwa jumla ya wiki nzima athari yake ni ndogo, ila msichambue matumizi ya siku moja moja.

*COUNTIFS inatoa 0 wakati oda zipo.* Tarehe zimeingia kama maneno. Tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku bila kuambiwa, iliyo maneno hukaa kushoto. Nenda File, kisha Settings, weka Locale inayotanguliza siku kabla ya mwezi kama United Kingdom, halafu andika upya tarehe zilizokaa kushoto. Zikague na zilizokaa kulia: kama Locale ilikuwa United States, 03/04 uliyokusudia iwe tarehe 3 Aprili imeshasomwa kama Machi 4. Kama tarehe ziko sawa, angalia safu ya C. "Tangazo " yenye nafasi mwishoni haihesabiwi pamoja na "tangazo". Weka orodha ya kuchagua badala ya kuandika kwa mkono.

*Mwenye biashara haleti taarifa za mauzo.* Usikisie, na usijaze kwa wastani wa wiki zilizopita. Andika "Oda: sijapata" mahali pake na uiache gharama ya oda wazi. Jumapili inayofuata mpigie badala ya kumwandikia, soma naye lebo za WhatsApp kwa sauti, ujaze faili wewe mwenyewe mkiwa hewani. Ikiendelea wiki tatu, mwombe faili liwe mikononi mwa msaidizi anayepokea advansi.

*Anauliza mbona laiki ni chache.* Mpe namba aliyouliza, usimkwepe, kisha iweke kando ya oda: "Posti ya keki ya harusi ilipata laiki nyingi kuliko zote mwezi huu, oda mbili. Tangazo la keki ya kilo moja lilipata laiki chache, oda tisa." Mifano hiyo miwili itoke kwenye faili lake mwenyewe. Ikiwa huna, subiri hadi uwe nayo.

*Gharama ya oda imepita kikomo.* Wiki moja, mweleze na muendelee. Wiki mbili mfululizo, tenganisha sehemu mbili: shilingi ngapi kwa kila aliyeandika, na wangapi kati ya walioandika wamelipa. Katika mfano wetu, wiki nzuri kila aliyeandika aligharimu karibu 2,000. Ikifika 3,500 huku walipaji wakiwa walewale mmoja kwa wanne, badili picha au eneo la tangazo, kisha usiliguse tangazo wiki nzima. Kila badiliko kubwa linalirudisha kwenye kipindi cha kujifunza, Facebook ikitafuta upya watu wa kuwaonyesha, na tangazo la mtu anayebadili kila siku mbili halitulii kamwe. Lakini kama kila aliyeandika bado anagharimu 2,000 na walipaji wamekuwa mmoja kwa wanane, usibadili picha. Soma chati, utakuta bei mpya, majibu ya kuchelewa, au keki iliyo kwenye tangazo haipatikani tena.